Tuna ziada, tuna fedha benki, na bado tunapandisha ada: hotuba ya mweka hazina

*Nilichaguliwa mweka hazina wa chama chetu cha kitaaluma mwaka jana, na huu ndio mkutano mkuu wangu wa kwanza. Hesabu zimeshakaguliwa: ziada ni 2,400,000, na benki tulifunga mwaka na 9,100,000. Tuko wanachama 300. Kamati inataka nipendekeze ada ipande kutoka 40,000 hadi 48,000 kwa mwaka. Nitasimamaje mbele ya watu niseme tumepata ziada, fedha zipo, na bado tunaomba waongeze? Nimekuambatishia hesabu zote. Nimepewa dakika 15.*

Ndugu yangu, hesabu zako nimezipitia mara mbili, na jibu lako limo humo humo. Ziada ni ya kweli, ila mwaka ujao haitakuwepo. Fedha za benki zipo, ila zaidi ya nusu si zenu. Ukiyasema hayo mawili kwa lugha ya kawaida kabla hujagusa habari ya ada, hutahitaji kumshawishi mtu kwa maneno matamu.

Nakwambia hivi kwa sababu hotuba yangu ya kwanza ya namna hii niliiharibu. Nilisimama nikasoma taarifa ya hesabu mstari kwa mstari, mapato kisha matumizi, dakika 35 nzima, halafu nikafunga kwa kusema ada inabidi ipande. Mzee mmoja mstaafu akanyanyua mkono akauliza swali moja tu: "Mwanangu, kama mmebakiza, mnatudai nini tena?" Nikaanza kumweleza kanuni za uhasibu. Ukumbi ukaguna. Hoja ikaanguka kwa kura nyingi, na mwaka uliofuata tukala akiba. Swali la yule mzee lilikuwa sahihi, na lilipaswa kuwa sentensi yangu ya kwanza.

Kwa hiyo anza na swali lao. Lichukue wewe mwenyewe kabla halijakujia. Unaweza kusema hivi:

"Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama. Hesabu mlizonazo mkononi zinaonyesha ziada ya milioni mbili na laki nne. Najua mmeona pia kwenye ajenda kwamba tunaomba ada ipande. Mtu mwenye akili timamu lazima aulize haya mawili yanakaaje pamoja. Naomba nianze na hilo, mengine yatafuata."

Sasa ziada yenyewe. Katika hesabu ulizonitumia kuna mistari miwili inayobeba kila kitu, na yote miwili imejificha. Wa kwanza uko chini ya mapato mengine: udhamini wa 1,500,000 mliopewa kwa ajili ya semina. Kwa barua uliyoambatisha, mdhamini alitoa mara moja na hakuahidi kurudi. Wa pili ni mshahara wa katibu mtendaji. Nafasi ilikaa wazi miezi 5, mshahara ni 300,000 kwa mwezi, kwa hiyo mlibakiza 1,500,000 kwa sababu tu hapakuwa na mtu wa kumlipa. Sasa yupo, na analipwa.

Ondoa vyote viwili kwenye ziada. Kutoka 2,400,000 mnashuka hadi chini ya sifuri: nakisi ya 600,000. Huo ndio mwaka wenu wa kawaida, mwaka usio na bahati. Halafu ongeza kitu ambacho tayari kimesainiwa: mkataba wa pango la ofisi unapandisha kodi kwa 1,000,000 kuanzia mwezi wa kwanza. Mwaka ujao, kwa ada ya sasa na bila kubadilisha kingine chochote, mnakwenda kwenye nakisi ya 1,600,000.

Simama kidogo kwenye hatua hii, maana ndiyo moyo wa hotuba. Usiwaonyeshe jedwali. Waambie kwa mdomo, taratibu, ukihesabu kwa vidole kama mtu anayeeleza nyumbani:

"Katika hiyo ziada, milioni moja na nusu ni ya mdhamini, na mwaka ujao hatumtarajii. Milioni moja na nusu nyingine ni mshahara ambao hatukulipa kwa sababu nafasi ya katibu ilikuwa wazi. Bila hayo mawili, mwaka huu tungepungukiwa na laki sita. Kodi ya ofisi inapanda kwa milioni moja. Kwa hiyo mwaka ujao tukikaa kama tulivyo, tutapungukiwa na milioni moja na laki sita."

Namba tano tu, na kila moja ina mahali inapotoka. Ukumbi hauwezi kushika zaidi ya hapo kwa mkupuo mmoja, hata kama ni ukumbi wa wahasibu.

Baada ya hapo utasikia mtu anasema, hata kama ni kwa minong'ono: "Lakini benki kuna milioni tisa." Usimngoje aseme kwa sauti. Hapa ndipo waweka hazina wengi hukwama, kwa kuwa ziada na salio la benki ni vitu viwili ambavyo havitembei pamoja, na wao hujaribu kueleza nadharia badala ya kuonyesha fedha zimepita wapi. Mwaka wenu ulianza na 6,900,000 benki ukaisha na 9,100,000. Zimeongezeka 2,200,000, karibu sawa na ziada, na ukaribu huo ndio mtego: msikilizaji ataamini kwamba ziada ndiyo imekwenda kulala benki. Sivyo ilivyokuwa.

Fuata fedha uone. Ziada ni 2,400,000, na uchakavu wa vifaa wa 300,000 uliopunguza ziada haukutoa hata senti benki, kwa hiyo unaurudisha: 2,700,000. Mkanunua kompyuta na projekta kwa 1,200,000. Mkalipa bili za zamani zilizokuwa zimelimbikizana, 500,000. Madeni ya ada ambayo wanachama hawajalipa yakaongezeka kwa 800,000, na hizo mmeshazihesabu kama mapato ingawa hazijafika. Mpaka hapo kwenye 2,700,000 mmebaki na 200,000 tu. Sasa 2,000,000 nyingine zilizojaza akaunti zimetoka wapi? Ni ada za mwaka ujao zilizolipwa mapema. Mwaka wa nyuma waliolipa mapema walikuwa 20. Safari hii ankara zilitoka mwezi mmoja kabla ya kawaida, na wakalipa 70.

Maana yake ni kwamba ongezeko lote la fedha benki, ukiondoa hiyo laki mbili, ni fedha za mwaka ujao zilizowahi kufika. Mnazo, lakini mnadaiwa huduma ya mwaka mzima juu yake. Huu mlolongo wote usiupeleke jukwaani. Uweke kwenye karatasi ya ukurasa mmoja utakayoigawa mlangoni, na ukariri njia yake, maana lazima yuko mmoja atakayeufuatilia mpaka mwisho. Jukwaani tumia njia fupi zaidi, ya kupunguza kutoka juu:

"Tulifunga mwaka na milioni tisa na laki moja benki. Ndani yake milioni mbili na laki nane ni ada za mwaka ujao za wenzetu 70 waliowahi kulipa. Milioni moja na nusu ni ya mfuko wa ufadhili wa masomo, na katiba yetu haituruhusu kuigusa kwa kazi nyingine. Laki saba ni bili ambazo bado hatujalipa. Zinazobaki, ambazo ni zetu kweli, ni milioni nne na laki moja."

Halafu zigeuze hizo 4,100,000 ziwe muda. Watu huelewa miezi kuliko mamilioni. Matumizi yenu ya mwaka ujao, katibu akiwepo mwaka mzima na kodi mpya ikilipwa, ni 15,600,000 bila uchakavu, yaani 1,300,000 kwa mwezi. Mna akiba ya miezi mitatu na kidogo. Vyama vingi hujiwekea lengo la kati ya miezi mitatu na sita, kwa hiyo hamko pabaya, na usijifanye mko pabaya. Mweka hazina anayelia njaa wakati mizania inaonyesha amani hupoteza imani ya watu kwa miaka. Sema ukweli wake: leo tuko salama, na tukikaa hivi hivi nakisi ya 1,600,000 kila mwaka, ambayo 1,300,000 ndiyo inayotoka benki ukiondoa uchakavu, itatubakizia 1,500,000 baada ya miaka miwili. Hiyo ni ya mwezi mmoja na siku chache tu.

Kuna jambo moja katika hesabu zako ambalo hukuniuliza, nami ningelitaja walau kwa sentensi mbili. Salio la siku ya kufunga mwaka ndilo salio zuri kuliko yote ya mwaka. Nimetazama taarifa zako za benki za kila mwezi: mwishoni mwa mwezi wa 11 mlikuwa na 3,800,000. Ndani ya mwezi uliofuata zikaingia ada za mapema, fedha za mdhamini na viingilio vya semina, vyote kwa pamoja, zikatoka 1,300,000 za matumizi, na mkafika 9,100,000. Ondoa mfuko wa masomo kwenye ile 3,800,000: mlibaki na 2,300,000 za kuendeshea chama. Mwanachama anayeona milioni tisa kwenye karatasi anaona picha iliyopigwa siku ya sherehe. Mwonyeshe na picha ya siku ya kazi. Mimi huwa natangaza kila mwaka salio la chini kabisa pamoja na mwezi wake, na nimeona linatuliza mabishano kuliko ufafanuzi wowote.

Kabla ya kufika kwenye ada, jiandae kwa hoja itakayoonekana ya busara sana: "Kusanyeni kwanza madeni ndipo mtuongezee ada." Wanachama 30 hawajalipa ada ya mwaka huu, jumla 1,200,000. Ni kweli inaudhi, na ni haki ya waliolipa kuuliza. Lakini angalia kinachotokea kihesabu. Hizo 1,200,000 zimo tayari ndani ya mapato yaliyozaa ziada. Wote 30 wakilipa kesho asubuhi, salio la benki litapanda, na nakisi ya mwaka ujao itabaki pale pale. Mbaya zaidi ni upande wa pili: wasipolipa kabisa, itabidi yafutwe kama madeni yasiyolipika, na yatapunguza matokeo ya mwaka ujao kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo jibu lako liwe la aina hii: "Tunayakusanya, na tukiyapata yatatusaidia kulipa bili kwa wakati. Hayawezi kuziba pengo la mwaka ujao, kwa kuwa tumeshayahesabu mwaka huu." Uwe pia umeshakubaliana na kamati lini mwanachama anayedaiwa anasimamishwa. Wataliuliza hilo papo hapo, na ukijibu "tutaangalia" utakuwa umeharibu kazi nzuri uliyofanya mpaka hapo.

Sasa ada yenyewe. Pengo ni 1,600,000. Ukiligawa kwa watu 300 unapata kama 5,333 kila mmoja, na hakika atasimama mtu apendekeze nyongeza ya 5,500. Lazima ujue kwa nini kamati imesema 8,000. Sababu ni kwamba ada ikipanda, wapo watakaoondoka. Ili kuziba pengo mnahitaji mapato ya ada ya 13,600,000. Kwa ada ya 48,000 mnayapata mkiwa na wanachama 284, maana yake mnaweza kupoteza watu 16 na bado mkasimama. Kwa ada ya 45,500 mnahitaji 299. Akiondoka mmoja mko sawa sawa, wakiondoka wawili mmerudi kwenye nakisi na mwakani mnaomba tena. Lieleze hivyo hivyo: nyongeza ndogo inahitaji asiondoke zaidi ya mtu mmoja, na sote tunajua kila mwaka kuna wanaostaafu, wanaohama na wanaokata tamaa.

Hapo hapo kuna shimo ambalo kamati yako, naona, haikulitazama. Wale 70 waliolipa mapema walilipa 40,000. Je, watadaiwa 8,000 zaidi? Ukiwadai, unawaadhibu waliokuwa waungwana. Usipowadai, mwaka wa kwanza nyongeza inalipwa na watu 230 tu: 1,840,000. Pengo linazibwa na kubaki 240,000, kiasi cha ada ya wanachama watano. Akiondoka wa sita, mwaka wa kwanza una nakisi ndogo. Ushauri wangu ni msiwadai, na semeni hivyo ndani ya hoja yenyewe. Nakisi ndogo ya mwaka mmoja akiba yenu inaibeba bila shida. Watu 70 wenye kinyongo, wengi wao wakiwa ukumbini, ni karibu robo ya chama. Ila usije ukaahidi kwamba mwaka wa kwanza lazima mtafunga bila nakisi. Hesabu haikuruhusu.

Jambo jingine dogo: epuka kuigawa 8,000 kwa siku 365 na kuwaambia ni senti chache kwa siku. Kila mtu ameshauziwa kitu kwa hesabu hiyo na anaitambua harufu yake. Sema ni nyongeza ya asilimia 20, uitamke wewe kabla mtu mwingine hajaitamka kwa sauti ya kushtaki. Kama ada haijapanda kwa miaka mingi, taja mwaka ilipopanda mara ya mwisho, lakini kwa sentensi moja tu. Kuishi kwa bei ya zamani si deni ambalo mwanachama anawadai nyinyi wala nyinyi mnamdai yeye.

Kuhusu utaratibu sitakaa sana, ila fungua katiba usome kifungu cha ada leo hii, usingoje wiki ya mkutano. Vyama vingine ada hupangwa na kamati na mkutano unaarifiwa tu, vingine mkutano ndio unaoamua, na vingine vinataka theluthi mbili ya kura pamoja na taarifa ya maandishi siku kadhaa kabla. Kama maneno kamili ya hoja yalipaswa kutumwa na hayakutumwa, kura yenu inaweza kupingwa hata ikipita kwa kishindo. Hakikisha pia kupokea hesabu na kupandisha ada ni ajenda mbili zenye kura mbili. Zikichanganywa, mtu anayekataa ada atajikuta anakataa hesabu zilizokaguliwa, na hapo mtakuwa mmezua mgogoro ambao haukuwepo. Hoja iwe fupi na iwe na tarehe:

"Kwamba ada ya uanachama iwe 48,000 kwa mwaka kuanzia siku ya kwanza ya mwaka wa fedha ujao, na kwamba mwanachama aliyelipa ada ya mwaka huo kabla ya mkutano huu asidaiwe nyongeza."

Dakika zako 15 zigawe hivi kwa makadirio: nne kwa ziada, nne kwa benki, nne kwa ada, na zilizobaki uziache tupu. Maswali yatazijaza. Pale usipojua jibu, taja siku utakayolituma kwa maandishi kwa wanachama wote, kisha mgeukie mwenyekiti.

Mwisho, nenda na bajeti ya pili mfukoni, ile ya ada ya 40,000. Kabla ya kura mtu atauliza "tukikataa je?" na hapo kamati isitazamane. Amueni wiki hii mtakata nini chenye thamani ya 1,600,000. Kwa jinsi ninavyoyasoma matumizi yenu, vitu vikubwa vya kukatwa ni viwili tu: katibu afanye kazi nusu siku, kwa nusu mshahara, ambapo mnaokoa 1,800,000, au muhame ofisi mkataba ukiwaruhusu. Lisome hilo kwa sauti ile ile uliyotumia kusoma ziada, bila vitisho, kisha ukae chini waache wapige kura.